Aliyehudumiwa Usiku Kucha ni Mwizi

Ijumaa jioni, siku moja kabla ya mkutano mkuu wa mwaka wa Saccos yetu ya walimu, nilifungua logi za seva nikakuta mgeni. Alikuwa anagonga `/ingia`, mlango ambao wanachama huandika namba na neno la siri, mara tatu kwa sekunde. Namba ni ileile, 0001. Neno la siri linabadilika kila mara. Mwanadamu haandiki hivyo hata akiwa karani wa mashindano ya kuchapa. Ilikuwa programu inayobahatisha: maneno 10,800 kwa saa, bila chai wala swala.

Dawa yake naijua. Nginx, programu inayopokea maombi yanayofika kwenye seva, inaweza kuyahesabu kwa kila anwani na kumzuia anayezidisha. Nikaandika, nikiwa na furaha ya mtu anayefunga kitasa kipya:

```
limit_req_zone $binary_remote_addr zone=ingia:10m rate=5r/m;

location = /ingia {
    limit_req zone=ingia burst=5 nodelay;
    proxy_pass http://127.0.0.1:8000;
}
```

Maana yake: kila anwani ina maombi matano kwa dakika, yaani nafasi moja inafunguka kila sekunde 12, na juu yake akiba ya matano kwa mwenye haraka. Wakati huo mgeni alikuwa amepumzika kidogo. Nikajijaribu mwenyewe, nikaingia. Nikakosea makusudi mara nyingi, nikafukuzwa. Safi. Nikaenda kula chipsi mayai.

Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbini, walimu 214 wamekaa. Mama Mwenyekiti akapanda jukwaani na simu yake ikiunganishwa na projekta, ili awaonyeshe wanachama namna ya kuangalia gawio bila kupanga foleni ofisini. Akaandika namba yake, akaandika neno la siri huku akiifunika simu kwa mtandio, akabonyeza. Ukuta mzima ukasoma: `503 Service Temporarily Unavailable`.

"Kijana wa mitambo yuko wapi?"

Kijana wa mitambo alikuwa nyuma ya spika, akitamani kuwa spika.

Hapa niungame kosa langu la kwanza. Nginx ikizuia ombi kwa kikomo, bila kuambiwa vinginevyo hurudisha 503, jibu lilelile la seva iliyoelemewa. Ningeandika `limit_req_status 429;`, namba ya jibu la maombi kuzidi, ningejua mara moja kwamba ni kitasa changu kinachofanya kazi. Nilichoona mimi ni seva inayokufa. Nikaizima na kuiwasha upya.

Na ikakubali! Mwalimu mmoja safu ya mbele akapiga kelele, "Nimeingia!" Wengine kama watano hivi wakafuata, kisha kimya, kisha 503 kila kona. Nikawasha tena. Wakaingia sita tena. Kuzima seva kulikuwa kunafuta daftari la kuhesabia, na daftari jipya linaruhusu ombi la kwanza pamoja na yale matano ya akiba. Lakini walimu hawakuhitaji nadharia. Walikwisha gundua utaratibu, na Katibu akausimamia: "Safu ya tatu jiandaeni! Kijana, washa!" Tuliwasha seva mara saba. Ilikuwa kama daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, isipokuwa konda alikuwa na shahada ya kompyuta.

Mhazini akasema tatizo ni waifai ya ukumbi, kila mtu atumie bando lake. Wakazima waifai. Hakuna kilichobadilika. Kisha Katibu akapigiwa simu na mwanachama aliyeko Mwanza, naye hawezi kuingia. Hapo ndipo nilipohisi tumbo likigeuka, maana mtu wa Mwanza hashiriki anwani na ukumbi wa Dodoma. Mbona anazuiwa na kikomo kilekile? Nikafungua logi ya makosa, jambo ambalo mtu mwenye akili angelifanya kabla ya kuwasha seva mara ya kwanza:

```
limiting requests, excess: 5.980 by zone "ingia", client: 10.0.0.5
```

Mstari wa pili, `client: 10.0.0.5`. Wa tatu, wa mia, wote `10.0.0.5`. Hiyo ni anwani ya proksi yetu, mashine inayopokea watu wote wa nje na kuwapitisha kwenye seva. Kwa macho ya Nginx, walimu 214, mtu wa Mwanza na yule mgeni wa Ijumaa walikuwa mtu mmoja mwenye kiherehere. Tulikuwa tunagawana maombi matano kwa dakika, Saccos nzima. Hata tungeenda kwa nidhamu ya paredi, ukumbi ungehitaji zaidi ya dakika 40.

Ila kilichoniuma ni usiku uliotangulia. Mgeni alirudi saa nne usiku akagonga mara tatu kwa sekunde hadi alfajiri. Nafasi inafunguka kila sekunde 12, na nani yupo mlangoni inapofunguka? Yeye. Kwa saa nane alihudumiwa kama mara 2,400, na mwalimu mmoja mstaafu aliyezoea kuangalia akiba yake baada ya swala ya alfajiri akafukuzwa mara tisa. Kitasa changu kilimwacha nje mwenye nyumba na kumpa mwizi zamu. (Majaribio yake yote yalishindwa, niliyakagua. Neno la siri la Mama Mwenyekiti ni refu kuliko hotuba yake.)

Nilipomweleza Mhazini, aliuliza jambo moja tu: "Na huyo, amelipa kiingilio?"

Nikaongeza mistari miwili:

```
set_real_ip_from 10.0.0.5;
real_ip_header X-Forwarded-For;
```

Proksi huandika anwani halisi ya mteja kwenye kichwa cha ombi kiitwacho `X-Forwarded-For`. Mstari wa kwanza unasema iaminiwe ikitoka kwa 10.0.0.5 pekee, kwa sababu kichwa hicho ni kama barua ya mjumbe wa mtaa: yeyote anaweza kujiandikia. Mtu wa Mwanza akaingia papo hapo. Ukumbi ukaingia nusu, kwa kuwa waliorudi kwenye waifai bado walikuwa na anwani moja ya nje kwa watu zaidi ya mia. Walio kwenye bando nao si salama sana. Kampuni za simu huwafungia wateja wengi nyuma ya anwani moja. Basi nikalegeza kikomo cha anwani hadi 60 kwa dakika, nikahamishia ukali kwenye programu yenyewe: namba ya uanachama ikikosewa mara tano, isubiri dakika 15.

Jumanne simu ikaita. Mama Mwenyekiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, naambiwa wanachama wote sasa wanaingia."

"Wote, mama."

"Mimi je, nimefukuzwa uanachama?"

Yeye ni mwanzilishi. Namba yake ni 0001. Mgeni alikuwa anakosea mara tano, dakika 15 zikiisha anakosea tena, na mlango wa Mwenyekiti haukuwahi kufunguka tangu Jumamosi. Usiku huo nikabadilisha hesabu iwe ya namba pamoja na anwani inayotumika, ili makosa ya mgeni yamfungie mgeni. Akija na anwani nyingi atapata tano kwa kila moja, kwa hiyo nikaweka na jumla: makosa 50 kwa saa kwenye namba moja, mfumo unadai msimbo wa SMS.

Nilimshauri pia abadilishe namba. Akasema 0001 aliipata kwa jasho mwaka wa kwanza wa chama, huyo mwizi ndiye ahame.

Mpaka leo yupo, anagonga 0001.