Majani ya huzuni, pills na warfarini

"Shangazi amekuja likizo kutoka Ujerumani akanipa vidonge vya majani ya kuondoa huzuni, asema kule huuzwa dukani tu. Mimi natumia pills za kupanga uzazi, na mamangu aliye kwa warfarini, dawa ya kuzuia damu isigande, ataka kuvijaribu pia. Ni majani tu, vina ubaya gani?"

Dadangu, kwenye chupa, au ukiutafuta kwa simu, mmea huo utauona umeandikwa Hypericum perforatum au St John's wort. Shangazi hakukudanganya. Mwaka 2008 watafiti walijumlisha majaribio 29 yenye wagonjwa zaidi ya 5,000 wa sonona, wakaona mmea huu unashinda kidonge bandia na unakaribiana na dawa za hospitali, tena kwa madhara machache zaidi. Kwa mtu mwenye sonona isiyo kali, asiyetumia dawa nyingine, sina sababu ya kumtisha.

Nyinyi wawili mna dawa nyingine, na hapo ndipo penye shida. Mmea huo una kemikali iitwayo haipaforini. Ikifika kwenye seli za ini hujishikiza kwenye kitambuzi ambacho kazi yake ni kugundua vitu vigeni, na ini huitikia kwa kutengeneza enzaimu nyingi kuliko kawaida, hasa CYP3A4 na CYP2C9. Enzaimu hizohizo ndizo zinazovunja homoni za pills na warfarini. Unameza kipimo kilekile, lakini damuni kinabaki kidogo. Haitokei siku moja: huchukua kama wiki mbili kufika kilele, na mmea ukiachwa, ini hurudi polepole vilevile.

Upande wa pills, dalili ya kuangalia ni damu kutoka kidogokidogo kabla ya wakati wake. Katika jaribio moja la wanawake 12, wawili waliipata walipotumia pills bila mmea. Walipoongeza mmea wakawa saba. Lakini usingoje damu ikuonye, kwa sababu mimba yaweza kuingia bila dalili hiyo. Na kijiti cha mkononi, ambacho wengi huku Pwani hukiamini kuliko pills, nacho hupunguzwa nguvu. Sindano ya miezi mitatu na koili haziguswi, kwa hivyo ukiona majani yanakufaa kweli, njia ya uzazi ndiyo ya kubadilisha.

Kwa mama siwezi kusema hivyo. Katika duka langu la dawa, Mwembe Tayari, alikuja mama mmoja aliyewahi kupata donge la damu mguuni. Alikuwa anameza warfarini miligramu 5 kila siku, na INR yake, kipimo cha muda ambao damu huchukua kuganda, ilikuwa imetulia kwenye 2.4, alitakiwa awe kati ya 2 na 3. Kisha ikashuka hadi 1.5. Kliniki walimlaumu kwa mchicha wa nazi, maana mboga za majani zina vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, wakampandisha hadi miligramu 7.5. Chupa ya majani, aliyoletewa na mwanawe, hakuitaja kwa sababu hakuna aliyemuuliza, na yeye hakuihesabu kuwa dawa. Ilipokwisha hakununua nyingine. Wiki mbili baadaye alinionyesha michubuko mapajani na mswaki wenye damu. INR ilikuwa 4.8. Ini lilikuwa limetulia, na kile kipimo kilichoongezwa sasa kilikuwa kingi mno.

Kisa hicho ndicho kinachonifanya niseme hapana kwa warfarini. Damu huganda mtu akiwa anakunywa majani, na humwagika akishayaacha. Wapo wanaosema afadhali dawa mpya za damu kama rivaroksabani, ambazo hazihitaji INR. Hizo nazo huvunjwa na enzaimu hizo, na kwa sababu hakuna kipimo cha kawaida cha kuzifuatilia, hakuna kitakachokuambia kwamba nguvu imepungua.

Wanaoutetea mmea wana hoja moja nzuri: aina zenye haipaforini kidogo sana, chini ya miligramu 1 kwa siku, hazikuonekana kuvuruga pills zilipojaribiwa. Ni kweli. Lakini chupa nyingi ninazoletewa na wateja haziandiki kiasi hicho, zinaandika miligramu 300 za mmea tu, na huwezi kukisia kilichomo.

Ikiwa wewe umeshaanza na sasa unaacha, tumia kondomu pia kwa siku 28 baada ya kidonge cha mwisho cha majani. Ikiwa mama ameshaanza, asiache kimyakimya: aende kliniki na chupa mkononi, aseme alianza lini, na apimwe INR mara kwa mara kwa wiki mbili tatu huku daktari akirekebisha warfarini.