Tangi kubwa au bomba pana kwa gereji ya malori?

"Mashine ya kufungulia nati za lori inalegea nikifika mwisho wa gereji. Ninunue tangi la lita 500 au nibadili bomba?"

Tuchukue gereji ya Arusha yenye kompresa ya lita 400 kwa dakika, tangi la lita 200, bomba la nusu inchi la mita 30 na mpira wa milimita 8 wenye urefu wa mita 10. Mashine ya nati inakula kama lita 1,000 kwa dakika ikifanya kazi.

Wanaotetea tangi wana hoja. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari na hewa yake ni nyepesi, hivyo lita 400 za kompresa zinabaki kama 350 za pwani. Pengo ni lita 650 kila dakika, na hilo hujazwa na tangi. Likishuka kutoka bar 8 hadi 6, tangi la lita 200 hutoa lita 400, yaani sekunde 37 za kazi mfululizo. La lita 500 hufika dakika moja na nusu, lakini kulirudisha bar 8 huchukua karibu dakika 3 badala ya moja na ushee. Nati hufunguliwa kwa vipindi vifupi, kwa hiyo lile dogo huenda likatosha.

Upande wa bomba, kinachoamua ni kipenyo cha ndani: kikipungua nusu, upotevu wa presha huongezeka kama mara 32. Kwa matumizi haya, mita 30 za bomba la chuma la nusu inchi, ambalo ndani lina kama milimita 16, hula takriban bar 0.3 tu, viwiko visipohesabiwa. Ule mpira wa milimita 8, pamoja na ufupi wake, unadai kama bar 3! Wa milimita 13 unadai bar 0.3. Kabla ya kubomoa ukuta, badili mpira, na viungio vyake viwe na tundu pana, la sivyo vitabana hewa palepale.

Uhakika hupatikana kwa kufunga geji mbili, moja kwenye tangi na nyingine karibu na mashine. Bonyeza kifyatulio. Ya mashine ikianguka papo hapo huku ya tangi imesimama, njia ndiyo inayobana. Zote mbili zikishuka pamoja taratibu, akiba ndiyo ndogo.

Wengine huikwepa hesabu hii kwa kupandisha swichi ya presha. Kila bar ya ziada huongeza umeme kwa takriban asilimia 7 na kusukuma hewa zaidi kwenye kila tundu linalovuja; tena usivuke kiwango kilichogongwa kwenye kibao cha tangi.

Mwenye kupuliza mchanga kwenye chesisi kwa nusu saa hasaidiwi na tangi wala mpira. Huyo anahitaji kompresa kubwa zaidi.