Familia moja, makampuni chungu nzima: vile Jardine ilivyojifunga ising'oleke

"Familia ina hisa kiduchu tu, kwani kila mkutano yashinda vipi?" Swali la jamaa yangu wa Tudor, mwenye kununua hisa za Nairobi kwa simu, na mfano wake mkubwa ni Jardine, kundi la makampuni la Hong Kong.

Kuna njia mbili za familia kutawala makampuni kwa pesa kidogo, na watu huzichanganya kila siku ilhali ubaya wake si sawa hata kidogo. Ya kwanza ni piramidi, na sisemi ile ya utapeli ya kuingiza watu, hii ni halali na iko wazi kwenye vitabu. Chukua familia ya hapa Mombasa yenye milioni 51 za biashara ya mizigo. Wanafungua kampuni ya milioni 100 na kuiingiza sokoni, wao wanabaki na asilimia 51, umma wachukua 49. Ile milioni 100 yote yaenda kununua asilimia 51 ya kampuni ya pili, umma waongeza milioni 96, kampuni ya pili yawa na milioni 196. Hizo nazo zaenda kununua asilimia 51 ya kampuni ya tatu, na ya tatu yafika kama milioni 384. Familia haijaongeza hata shilingi moja. Lakini bodi ya juu ndio yapiga kura ya kuchagua bodi ya kati, na ya kati yachagua ya chini, kwa hivyo wenye milioni 51 ndio wasemaji wa mwisho wa milioni 384.

Sasa angalia faida yao. Pale chini fungu lao halisi ni asilimia 51 ya 51 ya 51, yaani kama 13 hivi. Kampuni ya tatu ikipata faida ya milioni 10, zao ni milioni moja na laki tatu, basi. Hapo ndipo shida inapoanza: tuseme familia ina godauni lake binafsi kule Shimanzi, halafu kampuni ya tatu ikodishe hilo godauni kwa milioni 10 zaidi ya bei ya mtaa. Familia yapoteza milioni moja na laki tatu kama mwanahisa, yapokea milioni 10 kama mwenye nyumba, na zile zingine nane na ushee zatoka mfukoni mwa watu waliowekeza akiba zao. Hakuna aliyeiba kitu, kuna mkataba umesainiwa na bodi imepitisha. Kama wataka kujua ikiwa hilo lafanyika, usianze na ukurasa wa faida wa ripoti ya mwaka, enda kwenye ile sehemu ya miamala na watu wenye uhusiano na kampuni, tazama kodi, ada za usimamizi na mikopo, halafu ulinganishe mwaka kwa mwaka, ada ikipanda ilhali mauzo yamelala basi una swali la kuuliza.

Lakini piramidi ina upande wake mzuri na siutupi. Pesa za familia ziko pale juu kweli, na mwenye kujua kwamba hang'olewi kesho anaweza kuvumilia mradi wa miaka 15. Cycle & Carriage ya Singapore, ambayo baadaye ilikuja kuwa chini ya Jardine kabisa, ilinunua hisa za Astra, kampuni kubwa ya magari ya Indonesia, mwaka 2000 wakati nchi ile bado yauguza majeraha ya kuanguka kwa rupia, na Astra ikaja kuwa moja ya vyanzo vikubwa vya faida vya kundi zima. Meneja anayehesabiwa kila baada ya miezi mitatu angepata wapi moyo wa kukaa hapo? Hii hoja ni nzito, na watu wa Nairobi wanaotaka kila familia itolewe kwenye makampuni huwa wanairuka tu.

Njia ya pili ni makampuni kushikiana hisa, na hii ndio yanikera. Kampuni A yatoa hisa mpya za milioni 100, B yazinunua, halafu B nayo yatoa hisa za milioni 100 na A yazinunua. Zile pesa zimezunguka zikarudi zilikotoka, hakuna kiwanda hakuna meli, lakini sasa kila bodi ina kura kwa mwenzake, kura ambazo hakuna mtu wa nje aliyezilipia.

Jardine Matheson ndio mfano wa kusomea. Ni kampuni iliyoanzishwa Canton mwaka 1832 na kwa miaka mingi yaongozwa na familia ya Keswick. Mwaka 1980 waliogopa Li Ka-shing, tajiri wa Hong Kong, atawanunua, basi Jardine na Hongkong Land, kampuni ya majumba, zikanunuliana hisa kwa mafungu makubwa. Ngome ilisimama lakini kwa mikopo, na soko la nyumba la Hong Kong lilipoanguka muda mfupi baadaye ule mzigo wa madeni karibu uwamalize. 1984 makao ya kisheria yakahamishiwa Bermuda, kisha mwaka 1986 wakaunda Jardine Strategic na kupanga upya: Matheson yaishika Strategic, Strategic yaishika Matheson. Ilipofika 2021 Matheson ilikuwa na karibu asilimia 85 ya Strategic, na Strategic ilikuwa na zaidi ya nusu ya Matheson. Chini ya Strategic ndio kulikuwa na piramidi yenyewe, Hongkong Land, hoteli za Mandarin Oriental, maduka ya Dairy Farm, na ile Cycle & Carriage yenye Astra, zote zikiwa sokoni wakati huo.

Hebu ungejaribu kuwang'oa wakati huo. Hata ungenunua kila hisa ya Matheson iliyouzwa sokoni bado hungefika nusu, kwa sababu zaidi ya nusu ilikuwa kwa Strategic, na Strategic ilipiga kura vile bodi yake ilivyotaka, bodi ambayo ilichaguliwa na Matheson. Brandes, wawekezaji wa Marekani, walijaribu mwaka 2000 kuubomoa huo mpango kwenye mkutano wakashindwa. Familia haikuhitaji nusu ya hisa, ilihitaji tu kukaa ndani.

Watetezi watasema hao waliokuwa na hisa walijua walichonunua, na ngome hiyo ndio iliyowavusha Jardine kwenye mabadiliko ya Hong Kong bila kugawanywa vipande. Nakubali mpaka Machi 2021. Mwezi huo Matheson ilitangaza itawanunua wanahisa wadogo wa Strategic kwa dola 33 kwa kila hisa, jumla kama dola bilioni 5.5, ili ule mzunguko ufungwe. Kuufunga ni jambo jema kabisa. Ila kupitisha kulihitaji asilimia 75 ya kura, na mnunuzi mwenyewe tayari ana karibu 85 na kura zake zahesabiwa! Wadogo waliona thamani ya mali iliyo ndani ni zaidi ya hiyo 33, lakini hata wangekuja wote mkutanoni hawangebadilisha kitu, njia pekee iliyobaki ni korti za Bermuda, na baadhi wakaenda wakidai bei ya haki.

Kwa hivyo kwangu mimi piramidi iachwe ikiwa miamala ya ndani yapigiwa kura na wale wasio na uhusiano nayo. Israel walienda mbali zaidi, sheria yao ya 2013 ikaweka kikomo cha ngazi mbili za makampuni ya sokoni na makundi yaliyokuwepo yakapewa miaka 6 kujipanga, na hilo pia ni jibu linaloeleweka. Ila hisa za kushikiana zisipewe kura kabisa, mtoto asimchagulie mamake bodi, na mnunuzi anapotaka kuwatoa wadogo, kura zake zikae kando, wadogo wenyewe waamue kama bei yatosha.