Choo cha mbwa kikiwa cheusi, hapo ndo pa kushtuka

Watu wengi wakiona damu nyekundu kwenye choo cha mbwa wanampigia daktari saa hiyo hiyo, lakini kikitoka cheusi wanasema aah, huyu amekula takataka, wanafagia basi. Mimi naona mara nyingi ingekuwa kinyume.

Choo cha mbwa mzima ni cha kahawia na kimeshikana, ukikiokota hakiachi alama kubwa chini. Damu nyekundu mbichi imetoka karibu na mwisho wa safari, kwenye utumbo mpana. Utamuona mbwa anajikamua kila saa, kinatoka kidogo tu na ute juu yake, na kwa mbwa mkubwa ambaye bado anakula na kuchangamka hilo kwa kawaida linatibika bila presha. (Mtoto wa mbwa hajachanjwa, anatapika na anaharisha damu inayonuka vibaya, hiyo ni habari nyingine, inaweza kuwa pavo, ule ugonjwa wa virusi, usingoje kesho.)

Sasa cheusi. Kikiwa cheusi kama lami, kinang'aa na kunata, manake damu imevuja huko juu, tumboni ama utumbo mwembamba, ikasagwa njiani ndo rangi ikageuka. Nyekundu huioni hata chembe, kumbe anapoteza damu nyingi.

Jirani yangu huku Kisauni mbwa wake alikuwa akichechemea, akaenda duka la dawa akanunua diklofenaki, zile zile anazomeza yeye mgongo ukimsumbua, akawa anamtilia kwenye ugali wa dagaa. Kuchechemea kukapungua, akafurahi. Baadaye mbwa akaanza kuacha chakula, choo kikawa cheusi cha kunata, na jamaa akalaumu dagaa. Nikamwambia chukua tishu nyeupe, iloweshe, ipake hapo. Ikatoa wekundu wa kutu. Tukamfunua mdomo, ufizi umepauka karibu uwe mweupe. Dawa zile za maumivu zinaondoa kinga ya ukuta wa tumbo, na mbwa hazivumilii kama sisi, kwa hivyo alishapata vidonda. Daktari wa mifugo alisimamisha vidonge, akampa omeprazoli na sukralfeti, dawa za kulinda tumbo, akapona, ila polepole.

Si kila cheusi ni damu lakini. Maini mengi, makaa, vidonge vya madini ya chuma, vyote vinatia weusi, ndo maana ile tishu inasaidia, ingawa haimalizi ubishi, kipimo cha daktari ndo chenye uhakika.

Na kwa watoto wa mbwa hapa pwani, cheusi na ufizi mweupe, fikiria safura kwanza. Minyoo hiyo inapenda mchanga wenye joto na unyevu, inapenya ngozi, na inapita hata kwenye maziwa ya mama, ndo sababu dawa ya minyoo inaanzwa wakiwa na wiki 2, si miezi 3 kama wengi wanavyofanya.