Chui Mweusi na Jina Lililoshinda Kosa Lake

Mwaka 1809 Georges Cuvier, bingwa wa elimu ya wanyama wa Ufaransa, alimpa chui mweusi wa kisiwa cha Java jina la Felis melas, akimhesabu kuwa spishi kamili. Neno melas ni la Kigiriki na maana yake ni nyeusi. Ni rahisi kumcheka leo, lakini hoja yake haikuwa ya kijinga. Aliyezoea ngozi ya manjano yenye madoa, akaonyeshwa mnyama mweusi kuanzia pua hadi mkia, hana sababu ya haraka ya kuwaweka wawili hao pamoja, hasa ikiwa hajawahi kumwona jike mwenye madoa akinyonyesha mtoto mweusi.

Jambo hilo hutokea, na chanzo chake sasa kinajulikana. Weusi wa chui unatokana na hitilafu katika jeni iitwayo ASIP, ambayo kwa kawaida huzuia melanini nyeusi, yaani kemikali inayotia manyoya rangi, isienee mwili mzima. Hitilafu hiyo haijitokezi mpaka mtoto apate nakala mbili, moja kwa baba na moja kwa mama. Kwa hiyo chui wawili wa madoa, kila mmoja akiwa amebeba nakala moja iliyofichika, wanaweza kuzaa mtoto mweusi, ilhali chui wawili weusi huzaa weusi watupu. Kama rangi ingekuwa mpaka wa spishi, ingetubidi kusema kwamba ndugu wa tumbo moja ni wa spishi mbili.

Rangi hukosea pia kwa upande wa pili, na kwa maoni yangu kosa hili ni baya zaidi kwa kuwa bado linaendelea. Jina la panta mweusi hutumika kwa chui wa Afrika na Asia, na vilevile kwa jagwa wa Amerika, kana kwamba ni mnyama mmoja. Jagwa ni spishi nyingine, na hata weusi wake una njia yake: unatokana na jeni ya MC1R, na nakala moja tu inatosha, hivyo mtoto mweusi wa jagwa lazima awe na angalau mzazi mmoja mweusi. Anayetaka kuwatofautisha aache rangi na aangalie umbo. Jagwa ana kichwa kikubwa, mwili mnene na mkia mfupi zaidi, na ndani ya maduara ya madoa yake mara nyingi kuna vitone vidogo ambavyo chui kwa kawaida hana.

Madoa ya mnyama mweusi, kwa kweli, hayafutiki. Yamefunikwa tu, na jua likimpiga mnyama kwa ubavu huonekana. Huko Rasi ya Malaysia, ambako karibu chui wote ni weusi, watafiti walikuwa wakipata picha nyingi za kamera-mtego, yaani kamera zinazojipiga zenyewe mnyama anapopita, wasizoweza kuzitumia kuhesabu chui, kwa kuwa kila mnyama alifanana na mwenzake. Wakaziba kihisi cha mwanga ili kamera idhani ni usiku hata mchana, nayo ikawa inapiga picha kwa mwanga wa infraredi. Katika picha hizo madoa yalijitokeza, na kila chui akatambulika kwa mpangilio wake.

Hata hivyo, anayesema kwamba rangi haina maana yoyote naye amepita kiasi. Duniani kote chui weusi wanakadiriwa kuwa takribani asilimia 11, lakini hawakusambaa sawasawa: wamejaa katika misitu minene yenye unyevu na ni adimu katika nchi kavu na wazi, ingawa mwaka 2019 zilitangazwa picha za mmoja kutoka Laikipia, Kenya. Tofauti kubwa namna hiyo haielekei kuwa ya bahati tu. Inaashiria kwamba katika mazingira fulani weusi una faida, au angalau hauna hasara, na kwamba vikundi vya chui vimekaa mbalimbali kwa muda wa kutosha kuachana kwa kiwango cha jeni hiyo. Kwa hiyo rangi haitoshi kutaja spishi, lakini inaweza kuwa dokezo kuhusu kikundi na makazi yake.

Kwa wanyama weupe tahadhari ni ileile. Albino halisi hawezi kabisa kutengeneza melanini, na kwa mamalia macho yake huwa mekundu au yamepauka sana. Mwenye leusizimu hukosa rangi kwenye ngozi na manyoya, mwili mzima au kwa mabaka, huku macho yakibaki ya kawaida. Wote wawili hubaki na umbo, mwendo na sauti za spishi yao.

Nalo jina la Cuvier halikufa. Wataalamu wanaendelea kuwatambua chui wa Java kuwa nususpishi, yaani tawi ndani ya spishi ya chui, kwa jina la Panthera pardus melas, na kwa kuwa kanuni za kutaja wanyama hazifuti jina kwa sababu tu halifai, chui wa Java mwenye ngozi ya manjano na madoa naye anaitwa mweusi.