Mkunjo wa Korona: Wagonjwa Walicheleweshwa tu, au Walipungua?

“Tuliambiwa tunyooshe mkunjo, lakini mkunjo mfupi na mpana una wagonjwa wale wale waliomo katika mkunjo mrefu na mwembamba. Sasa tulifungiwa ndani kwa faida gani?”

Anayeuliza hivyo simlaumu; lawama ya kwanza naiweka kwenye mchoro wenyewe. Mchoro uliosambaa Machi 2020 ulionyesha idadi ya wagonjwa siku hadi siku kwa vilima viwili, kimoja kimechongoka na kingine kimelala, na mstari uliokatiza kuonyesha uwezo wa hospitali. Aliyeutazama kwa makini aliona vilima vinavyokaribiana kwa ukubwa, akahitimisha kwamba idadi ya wagonjwa haibadiliki. Hebu tumkubalie kwanza, kisha tuone kama hoja yake inasimama.

Tuchukue mfano wa kubuni, kaunti yenye vitanda 40 vya oksijeni, ambamo ugonjwa utawalaza watu 600, kila mmoja kwa siku 10. Kwa jumla watatumia siku 6,000 za kitanda. Wimbi likipita kwa siku 60, vitanda 100 vitahitajika kila siku kwa wastani, na siku ya kilele vitahitajika zaidi ya hapo. Likisambaa kwa siku 200, wastani ni vitanda 30, na hospitali inapumua hata kama siku za kilele zitabana. Wagonjwa ni wale wale 600, ila katika hali ya kwanza zaidi ya nusu ya wanaohitaji oksijeni siku ya wastani wanaikosa. India ilitupa picha hiyo Aprili na Mei 2021, visa vipya vilipopita 400,000 kwa siku na jamaa za wagonjwa wakazunguka mijini wakitafuta mitungi. Kwa hiyo hata vilima vikiwa sawa kwa ukubwa, makaburi hayawi sawa.

Lakini vilima havilingani, na hapa ndipo pasipoelezwa vya kutosha. Tuseme wagonjwa 10 huambukiza watu 25, makadirio yasiyo mbali na yale yaliyotumika kwa virusi vya mwanzo. Kadiri watu wanavyougua na kupata kinga, baadhi ya wale 25 hawaambukizwi tena. Siku ambayo 15 kati yao wana kinga, yaani asilimia 60, wagonjwa 10 wanaacha nyuma yao wagonjwa 10 tu. Ugonjwa umeacha kukua, na hicho ndicho kilele cha mkunjo.

Wengi hudhani kwamba hapo mambo yameisha, na kwamba asilimia 40 waliobaki wameponea. Kumbe kilele ndiyo siku ambayo wenye virusi ni wengi kuliko siku nyingine yoyote. Kila mmoja wao sasa anaambukiza pungufu ya mtu mmoja, lakini kwa kuwa ni maelfu kwa maelfu, maambukizi yanaendelea kama lori lililoshehena kwenye mteremko wa Salgaa: dereva ameshaondoa mguu kwenye mafuta, gari bado linakwenda. Ukiifuata hesabu hiyo hadi mwisho, wimbi lililoachwa huru halikomi kwenye asilimia 60 bali karibu na asilimia 89. Katika mji wa watu 100,000, watu wapatao 29,000 wanaambukizwa baada ya ugonjwa kuanza kushuka. Kasi peke yake ndiyo iliyowafikia. Mji uliokaribia asilimia 60 polepole, ukiwa na wenye virusi wachache kwa wakati mmoja, ungewaokoa wengi wao.

Nakiri kwamba hesabu hii inachukulia kinga kuwa ya kudumu na watu kuchangamana bila kujali mtaa wala kipato. Kinga ilififia, na Delta na Omicron zikaibadilisha hesabu, hivyo asilimia 60 isichukuliwe kama amri. Hata hivyo, hoja ya kasi inabaki, na kucheleweshwa kwenyewe kulikuwa na thamani. Juni 16, 2020 ilitangazwa huko Uingereza kwamba deksamethasoni, dawa ya bei rahisi, inapunguza vifo vya wagonjwa walio kwenye mashine za kupumulia kwa theluthi moja. Machi 3, 2021 chanjo za kwanza zikatua Nairobi. Aliyeugua baada ya tarehe hizo hakuugua ugonjwa ule ule, kwa maana ya nafasi yake ya kupona.

Upande wa wenye shaka nao una mambo mazito, la kwanza likiwa kwamba mkunjo tuliosomewa kila alasiri hapa Kenya haukuwa mkunjo wa maambukizi. Ulikuwa mkunjo wa sampuli. Ukipima sampuli 4,000 ukapata visa 200, kesho ukapima 8,000 ukapata 400, gazeti litaandika kwamba visa vimeongezeka maradufu, ilhali asilimia imebaki 5. Maabara zikipunguza kazi Jumapili, mstari unazama, Jumanne unaruka, na anayesoma bila kuchukua wastani wa siku saba ataona mawimbi madogo kila wiki. Watafiti walipopima damu ya wachangiaji zaidi ya 3,000 nchini Kenya kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, walikadiria kwamba karibu mtu mmoja kati ya 20 alikuwa na kingamwili, dalili kwamba alishaambukizwa, wakati visa vilivyotangazwa nchi nzima havijafika 5,000. Tuliona kivuli cha mlima. Umbo la kivuli lilikuwa na maana, mradi asilimia ya sampuli zenye virusi ipande na kushuka pamoja nalo, lakini urefu wake haukuwa na maana kubwa.

La pili linaniuma zaidi, kwa sababu linagusa swali la nani aliyenyooshewa mkunjo. Kenya ilipata kilele cha kwanza kati ya Julai na Agosti 2020, na cha pili Novemba. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2021 na watafiti wakiwemo wa kituo cha utafiti wa afya cha Kilifi ulieleza vilele hivyo kwa tabaka: wimbi la kwanza lilipita zaidi kwa watu wa mijini wenye kipato kidogo, wasioweza kukaa nyumbani bila kukosa unga, na la pili likawafikia wenye uwezo waliokuwa wamejifungia kisha wakarejea kwenye shughuli zao. Nchi ilionekana kuwa na mkunjo mmoja wenye vilele viwili, kumbe ilikuwa mikunjo miwili iliyopangwa kwenye karatasi moja. Muda wa kusubiri tiba na chanjo uligawanywa kwa kipimo cha akiba ya mtu.

Na wanaotetea hatua za serikali, nikiwemo mimi, tusijipe sifa tusizostahili. Machi 26, 2021 kaunti tano, Nairobi ikiwemo, zilifungwa. Aliyeambukizwa siku hiyo angeanza kujisikia vibaya baada ya siku tano hivi, angechelewa kwenda kupimwa, kisha angesubiri majibu, hivyo angeingia kwenye mkunjo baada ya wiki moja hadi mbili. Kilele cha wimbi la tatu kilikuwa karibu na tarehe ile ile ya kufungwa. Kugeuka kwake basi hakukuletwa na amri hiyo: huenda watu walishaanza kujihadhari walipozisikia habari za wodi zilizojaa, au kinga ilikuwa imeongezeka. Amri inaweza kudai mteremko wa katikati ya Aprili na kuendelea, na hata huo itaugawana na visababu hivyo viwili.