Barua ya ruhusa niliyoiandika mara mbili

Nimeishi Leeds miaka tisa sasa, nikifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, na bado barua yoyote yenye uzito naianza kwa Kiswahili. Wenzangu Wakenya hunishangaa. Husema tulisomeshwa kwa Kiingereza tangu utotoni, kwa nini nizunguke? Mimi sioni kama ni kuzunguka. Nimekulia Nakuru, mtaa ambao jirani wa kulia alikuwa Mkikuyu, wa kushoto Mkalenjin na sisi Waluhya katikati, na lugha iliyotuunganisha wote uani ilikuwa Kiswahili. Jambo likinigusa, ndiyo lugha linayokuja nayo. Nikilazimisha Kiingereza kitangulie, napata barua safi ambayo nusu ya niliyotaka kusema haimo.

Lakini kuandika kwa Kiswahili kisha kugeuza neno kwa neno ni kosa kubwa zaidi, na nililifanya wakati ambao sikupaswa kulifanya.

Nilifiwa na baba yangu mdogo. Aliaga usiku wa Jumanne, tarehe 30 Aprili, huko Kakamega, na mazishi yakapangwa Jumamosi tarehe 11 Mei, nyumbani Shinyalu. Baba mzazi alituacha nikiwa darasa la pili. Huyu ndiye aliyenilipia karo, na siku ya kunipeleka bweni ndiye aliyebeba sanduku langu begani kutoka steji hadi getini. Alhamisi nilikaa mezani nikamwandikia meneja wangu. Kwa Kiswahili ilitoka hivi:

"Bi. Meneja, pokea salamu zangu. Natumaini u mzima pamoja na jamaa yako. Mimi namshukuru Mungu, ingawa moyo ni mzito. Nakuarifu kwamba nimefiwa na baba yangu mdogo, aliyeaga juzi usiku. Yeye ndiye aliyenilea. Mazishi ni Jumamosi ya wiki ijayo, na mimi kama mtoto mkubwa sina budi kuwepo. Kwa hivyo naomba ruhusa ya wiki mbili. Najua nitawaachia wenzangu mzigo, naomba mniwie radhi. Mungu akubariki."

Barua nzuri. Ingepelekwa kwa mkubwa yeyote wa ofisi Nakuru, angeinuka kitini kabla ya kufika mwisho, akuambie pole, akuulize mazishi ni lini, na kabla ya saa ya chai bahasha ya mchango ingekuwa inazunguka. Huko nyumbani salamu ndiyo mlango. Ukitaja haja kabla ya kumjulia mtu hali, umemtendea kama mashine ya kutoa tikiti.

Nikaigeuza mstari kwa mstari. "Baba mdogo" nikaandika "uncle". "Naomba ruhusa" nikaandika "I am begging for permission". Tarehe sikuziweka kwa sababu katika Kiswahili changu hazikuwemo, na kwetu hilo hujazwa mdomo kwa mdomo. Jibu lilikuja jioni hiyo hiyo: pole kwa kumpoteza mjomba wako, unaweza kuchukua siku moja. Nililia kwa hasira. Niliona ugenini hakuna utu.

Usiku nikaisoma tena kwa macho ya mtu anayeisoma kwenye simu akiwa amesimama koridoni, na rosta ya wiki mkononi. Hakuelewa, na mimi ndiye niliyemnyima cha kuelewa. Ombi liko sentensi ya saba. Aliyekufa ni "uncle", na kwa Kiingereza neno hilo ni baba mkubwa, baba mdogo, mjomba na hata rafiki wa familia anayekuja Krismasi. Sheria ya ajira ya hapa, ya mwaka 1996, humpa mfanyakazi muda wa kiasi, si lazima wa malipo, anapofiwa na mzazi, mwenzi wa ndoa, mtoto au mtu wanayeishi nyumba moja. Ndugu wa baba aliye Kakamega hayumo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo kila kitu kilikuwa mikononi mwa meneja, na karatasi yangu haikumpa sababu ya kuninyooshea mkono.

Nikaanza upya, kwa njia ninayoitumia hadi leo. Kando ya kila sentensi ya Kiswahili niliandika kazi inayofanya, si maana yake. "Natumaini u mzima": inafungua mlango. "Nimefiwa": inatoa habari. "Yeye ndiye aliyenilea": inaonyesha uzito. "Naomba ruhusa": haja yenyewe. "Mniwie radhi": inaonyesha kwamba nauona mzigo wa wengine. Kisha nikafunika ile barua kwa kitabu ili macho yasirudi kwenye maneno, nikabaki na zile kazi tu, nikaziuliza: Mwingereza hufanyaje kazi hii?

Haja inatangulia, na inakuja na tarehe. Nikaandika: "I am writing to ask for two weeks' leave, from Monday 6 May to Sunday 19 May, so that I can go home to Kenya for a funeral." Hapo neno "ruhusa" limegawanyika, maana kwetu ni idhini na pia ni likizo ya dharura, ilhali kwao ni maneno mawili tofauti. Mtu mzima anayeomba "permission" husikika kama mtoto wa shule anayetaka kwenda msalani. Na "naomba", ambalo kwetu ni neno la heshima tunalotumia hata kuomba chumvi mezani, likigeuzwa kuwa "beg" linakupigisha magoti. Heshima yao wanaificha ndani ya kitenzi: "I would be grateful if", au "could I". Jihadhari pia na ile yetu ya "requesting for". Kitenzi hicho hakitaki "for", na ni alama ya kwanza kwamba Kiswahili kimechungulia.

Sehemu iliyonichukua muda mrefu ni "nimefiwa". Hebu kitazame kitenzi hicho. Aliyekufa ni mwingine, lakini anayetajwa mwanzo ni mimi, aliyepatwa. Neno moja linabeba kifo na pia linaonyesha kimemwangukia nani. Kiingereza cha kila siku mara nyingi hakipitii mlango huo. Husema fulani amekufa, na mimi natoweka kwenye sentensi. Ndiyo maana barua yangu ya kwanza ilisomeka kama taarifa ya mtu wa mbali. Dawa ni kujirudisha kwa sentensi ya pili: "My father's younger brother died on Tuesday night. He brought me up after my own father died, and as the eldest I am expected to be at the burial." Jina la undugu limeachwa, mahali pake pamewekwa alichokifanya. Meneja hahitaji kujua baba mdogo ni nani katika mila za Waluhya. Anahitaji kujua kwamba huyu mtu alinilea.

"Mniwie radhi" nayo haikuvuka. Kuomba msamaha kwa Kiingereza, mahali ambapo hujakosa, humfanya msomaji atafute kosa. Lakini kazi yake ilikuwa kuonyesha kwamba nauona mzigo, na hapa kazi hiyo hufanywa kwa mpango. Nikawapigia simu wenzangu wawili kabla ya kuandika, wakakubali, nikaweka: "Two colleagues have agreed to cover my night shifts, and I will be back on Monday 20 May at 8 p.m."

Hiyo saa naomba uitazame mara mbili, maana iliniponza mwaka wangu wa kwanza. Nilimwandikia msimamizi kwamba nitaingia zamu "at 2 at night", kwa kuwa kichwani ilikuwa saa mbili usiku. Wakaniweka kwenye rosta kuanzia saa nane za usiku, na mzee mmoja akakaa bila mtu wa kumgeuza kitandani mpaka walipogundua. Tangu hapo, kila saa inayotoka kwenye barua ya Kiswahili naigeuza kwa kidole, juu ya saa ya ukutani: mshale mfupi wangu uko mbili, wao husoma nane.

Salamu ya kufungua sikuitupa yote. Niliweka jina lake, basi. Kwa kuwa nilitumia jina, mwisho ni "Yours sincerely". Ile "Yours faithfully" tuliyofundishwa kuifananisha na "Wako mwaminifu" ni ya mtu usiyemjua jina. "Mungu akubariki" niliiacha. Iliniuma. Kuna mambo hayavuki, na ukiyavusha kwa nguvu yanafika yakiwa yamevunjika. Nilimwombea kimyakimya, ikatosha.

Kabla ya kutuma huwa nafanya jaribio moja. Nampigia mtu wa nyumbani, mara nyingi shemeji yangu aliye Kisumu, namsimulia kwa Kiswahili kile barua ya Kiingereza inachosema, bila kumsomea ile ya kwanza. Akiniuliza "Na huyo aliyekufa alikuwa nani kwako?", najua kuna kazi imeachwa njiani. Akiniuliza "Sasa unataka nini?", najua haja imezama. Siku ile alisikiliza, akanyamaza kidogo, akasema, "Hapo atakuachilia, wewe funga mizigo."

Niliachiliwa, wiki zote mbili. Na asubuhi yake kadi ilikuwa kwenye sanduku langu la barua, imetiwa saini na watu kumi na wawili. Kwa hiyo siwezi tena kusema kwamba ugenini hakuna utu. Nasema kwamba nyumbani utu hutangulia na mipango hufuata, hapa mipango hutangulia, na mimi barua yangu ya kwanza iliugonga mlango usiofunguliwa upande huo. Wanaoniambia nifikiri kwa Kiingereza tangu mwanzo naona wananipunguzia kazi kwa kunipunguzia nafsi. Lile karatasi lenye kazi zilizoandikwa kando lisingekuwepo bila Kiswahili chake, na ile sentensi ya "he brought me up", iliyoniletea tikiti, nisingeiandika kama "yeye ndiye aliyenilea" haikutoka kwanza.

Barua ya Kiswahili niliikunja nikaitia kwenye mkoba. Ijumaa, mkesha wa mazishi, shangazi aliikuta nilipokuwa natafuta pasi ya kusafiria, akaisogeza karibu na taa ya kandili, akaisoma hadi mwisho akisogeza midomo. Kisha akanirudishia. "Hapo pa ruhusa patoe," akasema. "Hayo mengine usome kesho."

Nikachukua kalamu, nikakata mistari miwili.